Maswali na majibu: Kabla hujamtumia prodyuza skripti yako

"Nina wazo kali sana la filamu. Nilisajili wapi kabla sijamsimulia mtu?"

Wazo halisajiliwi. Naulizwa hili kila mara na jibu halibadiliki: hakimiliki hulinda ulivyoandika, si ulichofikiria. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa 1994 unalisema waziwazi katika kifungu cha 9. Mwizi anayempenda binti wa askari ni wa kila mtu. Matukio yake, mpangilio na maneno ya wahusika, ukishayaandika, ni yako. Kaa uandike.

"Nikijitumia skripti kwa posta na bahasha nisiifungue, si nimejilinda?"

Hapana. Bahasha inaweza kutumwa ikiwa wazi na tupu, ikaja kujazwa na kugundishwa mwaka mwingine.

"Nina rasimu nne kwenye kompyuta. Nitaonyeshaje ipi ni ya lini?"

Kwanza hakikisha ni nne kweli. Wengi wana faili moja tu, wanaifuta na kuiandika upya humohumo, na rasimu za nyuma zimeshapotea. Tarehe inayoonekana kwenye faili nayo usiitegemee, maana saa ya kompyuta mtu yeyote anaweza kuirudisha nyuma. Unachotaka ni tarehe iliyowekwa na mwingine, nje ya mikono yako. Kila rasimu ikikamilika, ihifadhi kama PDF yenye jina lake, andika namba na tarehe hiyohiyo kwenye jalada, kisha itume kwa barua pepe na usiufute ujumbe huo.

Halafu weka kumbukumbu ya nani alipokea rasimu ipi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Tuseme prodyuza alipata rasimu ya 3 tarehe 14 Machi. Tarehe 2 Mei ukamaliza rasimu ya 4, na humo ndimo ulimoingiza dada anayefichua siri ya kaka yake. Filamu yake ikatoka ikiwa na dada huyo. Ukishtaki, utatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba kazi zinafanana katika namna zilivyoandikwa, na kwamba aliweza kuiona yako. Kama rasimu ya 4 haikumfikia, tarehe yako ya Mei haikusaidii kitu. Ndiyo maana nawakataza watu kukabidhi skripti mkononi kwenye flashi: haibaki alama yoyote kwamba ilipokelewa.

"Nikishasajili, nimemaliza?"

Hujamaliza. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki yako huanza bila usajili wowote. Usajili hukupa ushahidi. Kuna nchi unakokupa zaidi ya hapo: Marekani, kwa kazi za huko, usiposajili kwenye ofisi ya hakimiliki ya serikali hufungui kesi ya kuibiwa. Kusajili kwenye chama cha waandishi ni jambo jingine. Chama cha WGA West cha huko Marekani, kwa mfano, hutunza nakala kwa miaka 5, na usipohuisha muda unakwisha. Tena kilichosajiliwa ni kile ulichowasilisha, kwa hiyo sajili rasimu unayokwenda kuituma.

"Prodyuza amekataa kusaini mkataba wangu wa kutunza siri. Ni mwizi?"

Kukataa si wizi. Anapokea skripti nyingi na baadhi zinakaribiana. Kabla ya kumlaumu, soma ulichompa. Mikataba ninayoletewa humkataza mtu kutengeneza hadithi yoyote ya usaliti wa ndoa, milele. Hakuna mwenye akili timamu atakayesaini hiyo. Hii inasainika:

"Mpokeaji amepewa skripti iitwayo (jina), rasimu ya 3, kurasa 96, ili aisome na kuamua kama ataitengeneza. Hataionyesha kwa mwingine wala kuitumia kwa jambo jingine bila idhini ya mwandishi kwa maandishi. Sharti hili halihusu mambo aliyoyajua kabla, yaliyo hadharani, au aliyoyatunga mwenyewe bila kutumia skripti hii. Litadumu miaka 2."

Sentensi ya tatu ndiyo inayompa ujasiri wa kusaini, msiifute. Na asaini kabla hujatuma. Akikataa hata hiyo, mpe muhtasari wa ukurasa mmoja usiofichua mwisho. Naye akikuletea fomu yake, tafuta mstari unaosema unaachilia madai yote dhidi yake, uuelewe kabla ya kuweka sahihi.

"Tunaandika wawili, ni rafiki yangu wa siku nyingi. Tunahitaji karatasi kweli?"

Ndiyo, leo. Iseme nani anamiliki asilimia ngapi, nani anaruhusiwa kuiuza, na mmoja akijitoa kurasa alizoandika zinakuwa za nani. Ugomvi mwingi ninaoletewa ni wa waandishi wenza, wala prodyuza hayumo.