Siku ya mwezi na siku ya wiki kwenye cron

Wengi mnaoanza kazi ya seva hapa Nakuru mnashika upesi mpangilio wa `cron`: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Nyota maana yake ni kila moja, kwa hiyo ukiiacha nyota kwenye dakika, kazi ya saa fulani itarudiwa mara 60. Hilo hujitokeza mapema, ukalirekebisha. Ninalotaka mlitazame kwa makini ni siku ya mwezi na siku ya wiki zinapojazwa pamoja.

Tuseme ushirika wa maziwa unataka kila mfugaji apate SMS ya hesabu yake Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu ya kwanza lazima iangukie kati ya tarehe 1 na 7, basi mtu anaandika hivi:

```
0 6 1-7 * 1 /opt/maziwa/taarifa.sh
```

Ukiisoma, unaona sawa kabisa. Lakini sehemu hizo mbili zikiwekewa masharti zote, `cron` haisubiri yatimie yote mawili. Moja likitimia, kazi inaanza. Chukua Septemba 2026. Jumatatu ya kwanza ni tarehe 7. Mstari huu utatuma SMS kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, kisha tena tarehe 14, 21 na 28, kwa kuwa nazo ni Jumatatu. Mfugaji aliyestahili ujumbe mmoja atapata kumi, na ushirika utalipia zote.

Dawa yake ni kuiachia `cron` tarehe peke yake, siku ya wiki ikaguliwe na amri yenyewe:

```
0 6 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && /opt/maziwa/taarifa.sh
```

Sasa seva inaamka siku saba za kwanza, inauliza leo ni siku gani, na skripti inaendeshwa Jumatatu tu. Msiiondoe ile `\` kabla ya `%`. Ndani ya crontab, alama ya `%` isiyolindwa hugeuzwa kuwa mstari mpya, na amri inakatika hapo. Ukijaribu amri hiyo kwenye terminal bila `\` itafanya kazi vizuri, ndiyo maana kosa hili husumbua watu sana.

Kisha angalia saa ya seva kwa kuandika `date`. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Hapo `6` ni saa tatu asubuhi ya Kenya, andika `3`.

Kesho yake kwenye Ubuntu endesha `grep CRON /var/log/syslog`. Katika siku hizo saba utaona amri imeitwa kila siku, hata siku ambazo hakuna SMS iliyotoka, kwa sababu ukaguzi wa Jumatatu unafanyika ndani ya amri. Kwa hiyo uwe na logi ya skripti yenyewe pia, inayoandika tarehe na idadi ya ujumbe uliotumwa.