GB 78 zimejificha wapi kwenye diski C?

Swali: Habari za kazi, fundi. Laptopu yangu ni ya Windows 11, diski yake SSD ya GB 256, RAM GB 16. Nimefungua C:, nikachagua folda zote, nikabonyeza Properties, ikaleta GB 118. Lakini This PC inasema imebaki GB 41 tu kati ya 237. Nyingine zimeliwa na nini, au ni virusi? Tunaitumia wawili, mimi na dada yangu, kila mtu na akaunti yake.

Jibu: Virusi hawahusiki. Ondoa kwanza tofauti ya 256 na 237, maana hapo hakuna kilichopotea. Mtengenezaji wa diski anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa kipimo cha Windows diski yako nzima ni kama 238, na kinachopungua hapo kimekatwa kwa ajili ya vipande vidogo vya kuwashia na kuokoa mfumo.

Kinachobaki kutafutwa ni hiki: 237 kutoa 41 ni GB 196 zinazotumika, na wewe umeona 118. Pengo ni GB 78.

Kati ya namba hizo mbili, ya kuamini ni 41. Mfumo wa faili, NTFS, una daftari linaloonyesha kila klasta, yaani kila kipande kidogo cha diski, kama imeshikwa au iko wazi, na This PC inasoma humo. Properties haisomi daftari hilo. Inapita faili moja moja na kujumlisha ukubwa, ikianzia kwenye vile ulivyochagua. Ambacho hakionekani hukukichagua, na folda iliyofungwa kwako inaihesabu sifuri kisha inaendelea bila kukuambia neno. Kwa hiyo 118 ni jumla ya vitu unavyoruhusiwa kuona, na diski ina zaidi ya hivyo.

Anza na kipimo kisichohitaji programu yoyote. Fungua Settings, System, Storage, kisha Show more categories. Angalia mistari miwili: System & reserved na Other people. Huo wa pili ndio akaunti ya dada yako. Baada ya hapo fungua Terminal kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, uandike:

```
cmd /c dir C:\ /a
vssadmin list shadowstorage
```

Amri ya kwanza inaorodhesha kila kilichopo kwenye mzizi wa C:, pamoja na vilivyofichwa: `hiberfil.sys`, `pagefile.sys`, `ProgramData`, `$Recycle.Bin`, `System Volume Information`. Kuwasha Hidden items kwenye File Explorer hakutoshi, kwa sababu faili za mfumo zina kifuniko cha pili kinachoitwa Hide protected operating system files. Hata ukikiondoa hicho nacho, `System Volume Information` itabaki imefungwa, maana ile haikufichwa tu, umenyimwa ruhusa. Ndiyo maana kuna amri ya pili, na mara nyingi ndiyo inayotoa jibu kubwa kuliko yote. Tuseme imekuletea hivi:

```
Used Shadow Copy Storage space: 21.4 GB (9%)
Allocated Shadow Copy Storage space: 21.9 GB (9%)
Maximum Shadow Copy Storage space: 23.7 GB (10%)
```

Mstari wa katikati ndio unaotoka kwenye nafasi yako: karibu GB 22. Hizi ni nakala kivuli, yaani zile zinazokuwezesha kurudisha kompyuta kwenye hali ya wiki iliyopita kwa System Restore. Inafaa kuelewa zinavyokua, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Windows inapoweka alama ya kurejea, haikopi diski nzima. Inangoja. Kitu chochote kikitaka kuandikwa juu ya klasta iliyokuwa na data siku ile, data ya zamani inahamishiwa kwanza `System Volume Information`, ndipo mpya inaandikwa. Sasa fikiria umefuta filamu za GB 10. Nafasi inaongezeka, unafurahi. Kisha unashusha filamu nyingine GB 10, zinakaa palepale pa zile za zamani, na zile za zamani zinahamia kwenye nakala kivuli. Umeandika GB 10, nafasi imepungua kwa hadi GB 20. Hiyo ndiyo "nafasi inayojila yenyewe" ambayo watu huilaumu kwa virusi.

Dawa yake ni kushusha kikomo, wala usiende kupigania ruhusa ya kuingia kwenye folda:

```
vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=6GB
```

Alama za zamani zitafutwa mara moja bila kuulizwa, zitabaki mpya zinazoenea kwenye GB 6. Kwa hiyo usiandike amri hii siku ambayo kompyuta inasumbua na huenda ukahitaji kurudi nyuma. Anayeogopa Terminal atapata kitu hichohicho kwenye System Protection, kitufe cha Configure.

Akaunti ya dada yako nayo ina lake. Folda yake ndani ya `C:\Users` inaonekana, lakini kwako ndani hamna ruhusa, kwa hiyo Properties imeipa sifuri. Ukiibofya, Windows itasema huna ruhusa na kukupa kitufe cha Continue. Usikibonyeze. Hakikufungulii mlango kwa mara moja tu. Kinaandika jina lako kwenye ruhusa za folda yake, na linabaki humo. Ni heri aingie mwenyewe apime Downloads zake, asafishe na pipa lake la taka. Hilo la pipa husahaulika: kila akaunti ina lake ndani ya `$Recycle.Bin`, na wewe ukimwaga taka zako, zake zinabaki.

`hiberfil.sys` unaweza kuikadiria hata kabla ya kuiona. Kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM, na kwa RAM yako ya GB 16 ni kama 6.4. Humo ndimo kumbukumbu ya kompyuta inamwagwa ikilala usingizi mzito. Wengi hukimbilia `powercfg /h off`, faili ikatoweka. Sikushauri hivyo kwenye laptopu. Betri ikifika ukingoni, Windows huiokoa kazi yako kwa usingizi huo, na ukiuzima, umeme ukikatika usiku na laptopu imeachwa wazi, kisichohifadhiwa kimekwenda. Kama hutumii Hibernate kabisa na unakubali hasara hiyo, kuna njia ya katikati:

```
powercfg /h /type reduced
```

Faili inashuka hadi asilimia 20, kama GB 3.2, na kompyuta inaendelea kuwaka haraka. Lakini hapa pia Hibernate yenyewe inaondoka.

`pagefile.sys` iache Windows iisimamie. Inapanda na kushuka kufuatana na matumizi, na anayeizima ndiye anayekuja kuuliza kwa nini kivinjari kinafungika chenyewe wakati RAM inaonekana bado ipo.

Kuna jambo moja linalokwenda kinyume na hayo yote. Ile 118 yako ina vitu vilivyohesabiwa mara mbili. Folda `C:\Windows\WinSxS` inahifadhi sehemu za mfumo, na nyingi kati ya faili zake ndizo hizohizo zilizomo `System32`: faili moja kwenye diski, majina mawili katika folda mbili. Properties ikifika kwenye jina la kwanza inajumlisha, ikifika la pili inajumlisha tena. Ili ujue ni kiasi gani:

```
Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore
```

Tafuta mstari wa Shared with Windows. Ukisema 5 GB, basi kiasi hicho kimo kwenye 118 mara ya pili, na vilivyofichwa ni vingi zaidi ya pengo unaloliona. Usifute kitu ndani ya WinSxS kwa mkono, hata folda ikionekana ya zamani kiasi gani, kwa sababu masasisho yajayo yatakwama. Kwenye amri ile badili neno la mwisho liwe `/StartComponentCleanup`, nayo itaondoa zilizopitwa na wakati peke yake. Inaweza kukaa dakika nyingi kwenye asilimia ileile, iache.

Basi hesabu ya kompyuta kama yako hukaa hivi. Nakala kivuli 22, akaunti ya pili 19, `ProgramData` iliyofichwa 15, `pagefile.sys` 9.6, `hiberfil.sys` 6.4, mapipa ya taka 4, nafasi ambayo Windows inajiwekea akiba ya masasisho 6, na jedwali la faili la NTFS pamoja na kumbukumbu zake 1. Jumla ni 83. Toa 5 za WinSxS zilizojirudia, unapata 78. Namba zako zitatofautiana kidogo na hizi, hasa `ProgramData`, lakini mpangilio utakuwa huu.

Kwa kutafuta kilicho kikubwa ndani ya `ProgramData` tumia programu ya WizTree, ukiiendesha kama msimamizi. Inasoma jedwali la NTFS moja kwa moja badala ya kupita folda kwa folda, kwa hiyo folda zilizofungwa haziifichi kitu na inamaliza kwa sekunde chache. Ukiiwasha bila usimamizi, itakupa upofu uleule wa Properties. Utakachokikuta humo mara nyingi ni visakinishi vya programu ulivyokwisha kuvitumia. Viondoe kupitia programu yenyewe. Kufuta folda yake kwa mkono ndiko kunakoleta programu isiyosasishika wala kuondoka.

Umesasisha Windows kwa toleo kubwa hivi karibuni? Basi kuna `Windows.old`, na hiyo kwa kawaida hujiondoa baada ya siku 10. Ukiwa huna nia ya kurudi toleo la nyuma, ifute mapema kupitia Temporary files ndani ya Storage.

Ikiwa umefanya yote haya na bado kuna GB 10 au 20 zisizo na mwenyewe, endesha `chkdsk C:` bila kuongeza herufi yoyote. Hivyo inasoma tu, haibadilishi kitu. Mwishoni inaonyesha KB zilizo kwenye faili, kwenye faharasa, kwenye sekta mbovu na zinazotumiwa na mfumo. Mstari wa sekta mbovu ukiwa juu ya sifuri, acha kutafuta nafasi na unakili kazi zako kwenye diski nyingine leo. Ukiwa sifuri, na mstari wa in use by the system uko chini ya GB 2, jibu liko ndani ya faili, rudi WizTree.