Lavenda kwenye nywele za njano

"Nimepiga blichi mara mbili, nywele zimekuwa za njano iliyokolea. Naweza kupaka lavenda leo?"

Bado. Kwenye kipimo cha wepesi wa rangi ya nywele, ambapo 1 ni nyeusi na 10 ni njano iliyopauka kabisa, hapo uko kama kiwango cha 8, na lavenda inataka 10, ile njano iliyopauka ya upande wa ndani wa ganda la ndizi. Ukipaka sasa, zambarau na njano zitauana na utabaki na kijivu kichafu. Rangi ya pichi ina huruma zaidi kwa sababu yenyewe imebeba njano, kwa hiyo 9 inaitosha.

Anayesema tona ya zambarau inamaliza kazi yuko sawa nusu. Tona huzima njano hafifu, haipandishi kiwango. Na kama nywele zako zimepakwa rangi nyeusi ya boksi, lako ni suala jingine kabisa, linaanza na kuiondoa hiyo rangi.

Kagua kiwango nywele zikiwa kavu, maana zikilowa hudanganya, zinaonekana zimekolea zaidi. Kisha lowesha unywele mmoja, uuvute taratibu. Ukirefuka bila kurudi, usiguse blichi tena. Usubiri muda gani kabla ya awamu ya tatu? Mafundi wanabishana, mimi husubiri wiki kadhaa.