Jibu: Kata za mradi zilikuwa maskini tangu mwanzo

> "Kata zilizopata mradi zilikuwa maskini kuliko zisizopata. Nikizilinganisha si nitajidanganya?"

Kuanza chini si tatizo, mkuu. Tatizo ni zikiwa na mwendo tofauti.

Chukua mfano wa Marekani: Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Wanauchumi Card na Krueger walihesabu wafanyakazi wa migahawa kabla na baada. New Jersey wastani ulitoka 20.44 hadi 21.03 kwa mgahawa, Pennsylvania ukashuka kutoka 23.33 hadi 21.17. Sasa toa badiliko la Pennsylvania kwenye la New Jersey, upate makadirio ya athari ya sheria:

`0.59 - (-2.16) = 2.75`

Ona lakini hiyo 2.75 imetoka wapi: sehemu kubwa ni Pennsylvania kuporomoka. Jibu linasimama tu ukikubali kwamba bila sheria New Jersey nayo ingeporomoka vilevile, na kwa vipimo viwili tu huwezi kulikagua hilo.

Kwa hiyo tafuta takwimu za miaka mitatu minne kabla ya mradi, uchore mistari miwili, mmoja wa kata za mradi na mmoja wa zisizopata. Kama pengo lilikuwa tayari linapungua (mathalani kata zako zilichaguliwa baada ya mwaka wa ukame, zikawa zinajiinukia zenyewe), mradi utasifiwa kwa kazi ya mvua.