Nilivyouza spea Kirinyaga Road miezi tisa, na vile niliiandika kwa sivii

Mwaka wa 2020 kampuni nilikokuwa msaidizi wa mhasibu ilipunguza watu na mimi nikawa mmoja wao. Nilikuwa napata elfu 52 kwa mwezi. Nikakaa nyumbani Umoja miezi mitano natuma maombi, akiba ikaisha, nikabaki na deni la rent ya miezi miwili. Sasa kuna binamu yangu alikuwa anajua mzee mmoja mwenye duka la spea za magari Kirinyaga Road hapa Nairobi alikuwa anatafuta keshia, mia saba kwa siku. Nilikataa mara ya kwanza. Niliona nikiandika hiyo kitu kwa sivii watu watasema huyu ameshuka, na nikaamini hivyo wiki nzima hadi keateka akaja kugonga mlango.

Nikaenda. Lakini kabla niseme ndio nilimuomba mzee kitu kimoja, kwamba Jumatano niwe nafika saa saba mchana badala ya saa mbili asubuhi, anikate nusu siku. Akakubali bila shida. Hiyo asubuhi ya Jumatano ndiyo nilikuwa natumia kutuma maombi na kwenda intavyuu, na nakuambia omba hiyo kitu siku ya kwanza, juu ukishazoeleka dukani ukianza kuomba ruhusa kila wiki watu wanaanza kukuangalia vibaya.

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea pesa, kuandika risiti, kufunga hesabu jioni. Wateja wengi ni makanika na madereva wa matatu, wanalipa kwa tili ya M-Pesa, anakuonyesha mesiji kwa simu yake, unaandika risiti, anachukua brekipedi zake anaenda. Wiki ya kwanza nikaamua kufanya vile nilikuwa nafanya ofisini na benki, yaani nichukue taarifa ya tili ya wiki nzima niiweke kando ya kitabu cha risiti, nilinganishe moja moja kwa ile kodi ya herufi na namba kumi ambayo kila malipo yanakuwa nayo. Hakuna mtu alinituma. Risiti zilizolipwa kwa simu zilikuwa 214, na 11 hazikuwa na mwenzake kwa taarifa. Nikazirudia polepole kwa kuangalia kiasi na saa, nikapata 6 ni kodi tu iliandikwa vibaya, mtu aliandika O mahali pa sifuri, hivyo pesa iliingia. Lakini 5 pesa haikuwahi kuingia kabisa. Jumla 9,800. Zilikuwa mesiji feki, mtu anachukua mesiji ya zamani anabadilisha tarehe na kiasi.

Nilimwonyesha mzee kwa karatasi, akanyamaza kidogo kisha akaniuliza tufanye nini. Tukakubaliana hakuna kutoa mzigo kwa mesiji ya simu ya mteja, tunangoja ya simu ya duka iingie, na kwa risiti tunaandika herufi nne za mwisho za kodi. Kuanzia mwezi wangu wa tatu hapo dukani, kila nikilinganisha nilikuwa napata risiti moja isiyo na pesa kwa mwezi au hakuna kabisa.

Hii hadithi nimeirefusha kwa sababu ndiyo ilinipa kazi, na ingekuwa imepotea kama singeiandika wakati huo huo. Nilikuwa na daftari ndogo ya shilingi thelathini, kila Jumamosi jioni naandika mistari mitatu: risiti ngapi, ngapi hazikulingana, nini kilibadilika. Ukingoja hadi siku ya kuandika sivii hukumbuki namba hata moja, utaandika "nilihudumia wateja vizuri" na hiyo sentensi haimwambii mtu kitu chochote juu yako. Angalizo moja, andika hesabu za kazi yako tu, usibebe bei za bosi wako wala majina ya wateja wake.

Sasa kuandika. Makosa niliyoona kwa marafiki ni mawili. Kuna anayeificha kabisa, anaacha pengo la mwaka mzima, na kwa intavyuu anaulizwa ulikuwa wapi anaanza kujikanyaga. Mwingine anaipandisha cheo, keshia anakuwa "meneja wa fedha". Huyo wa pili ndiye anaumia zaidi, juu simu moja tu kwa mwenye duka inamaliza kila kitu. Mimi nilimuuliza mzee, nikiandika "keshia na karani wa hesabu" wewe ukipigiwa utasema hivyo? Akasema atasema, kwani hesabu si ni wewe unafanya. Nikaandika hivyo. Sivii ilikuwa ya Kiingereza lakini maana yake ilikuwa hivi: cheo, duka la spea Nairobi, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, halafu mistari miwili tu. Wa kwanza, nililinganisha malipo ya tili na risiti kila wiki, karibu 200. Wa pili, risiti zisizo na pesa zilishuka kutoka 5 kwa wiki hadi isiyozidi 1 kwa mwezi baada ya kubadilisha utaratibu wa kupokea malipo. Sikuandika nilipanga rafu wala nilifagia, ingawa nilifagia kila asubuhi. Ile kazi ya zamani ya ofisini ikafuata chini yake na mistari mingi zaidi.

Kwa intavyuu nilijua nitaulizwa kwa nini nilienda huko. Nilijibu kwa ufupi, nafasi yangu iliondolewa, nilikuwa na rent ya kulipa, nikachukua kazi yenye hesabu ndani. Kisha nikaingia moja kwa moja kwa zile risiti 11, na yule mama mhasibu aliyekuwa mezani akaacha karatasi zake akaanza kuniuliza nilijuaje zile 6. Tukaongea dakika kumi juu ya hiyo tu. Swali gumu lilikuwa la mshahara wa mwisho, juu hapa Nairobi wengi wanataka kuona peisilipu wakupangie kutoka hapo. Usidanganye, wataomba ushahidi. Nilisema sai nalipwa mia saba kwa siku dukani, na kwa kazi ya uhasibu kama hii yenu nilikuwa napata elfu 52, peisilipu hii hapa. Walinipa 55.

Kuondoka nako kuna mambo yake. Ukilipwa kwa siku unafikiri unaweza kukosa tu kesho yake, lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukishafanya kazi mfululizo kufika mwezi unahesabiwa kama wa kulipwa kwa mwezi, na hapo notisi ni siku 28 kwa maandishi, wewe kwake na yeye kwako. Kifungu cha 51 nacho kinakupa haki ya cheti cha huduma kama umekaa wiki nne mfululizo au zaidi. Kinaonyesha jina la mwajiri, kazi yako, ulianza lini ukaisha lini. Hakisemi ulikuwa mzuri au mbaya, na bosi halazimishwi kukuandikia sifa, hiyo unaiomba kwa heshima.

Mzee hakuwa amewahi kutoa cheti kama hicho, nikamtaipia saiba pale jirani, akasoma mara mbili, akatia sahihi na muhuri wa duka. Siku 28 nilizitumia kumfundisha kijana aliyechukua nafasi yangu kulinganisha tili na risiti. Kampuni mpya ilimpigia mzee simu wiki ya tatu nikiwa bado niko kaunta, akasimama nje karibu na mlango ndio asikie vizuri, na nikasikia akisema, "Keshia, ndio, na hesabu zote ni yeye."