Ritifaa ikae wapi? Maswali yenu ya Kiingereza

Mwalimu, shikamoo. Kwa vitabu vya wavulana wengi niliandika "the boy's books", nikakosa. Si hutamkwa vilevile? — Mwanafunzi, Masasi

Marahaba. Hutamkwa vilevile, na ndiyo maana sikio halisaidii: "boys", "boy's" na "boys'" zote sauti moja. Fanya hivi: mwandike kwanza mwenye mali peke yake, ummalize, ndipo utie alama. Mvulana mmoja ni "boy", unaongeza ritifaa na s: "boy's". Wakiwa wengi ni "boys". S imeshakuwepo, unaongeza ritifaa tu: "boys'". Idadi ya vitabu haihusiki kabisa. Kitabu kimoja cha wavulana wengi ni "the boys' book".

Tumeletewa sampuli ya fulana za 8 Machi, zimeandikwa "Womens' Day". Fundi anasema wakiwa wengi alama hukaa baada ya s. Tumruhusu? — Kikundi cha akina mama, Lindi

Msimruhusu, dada zangu. Kanuni yake inafaa pale tu wingi wenyewe unapoishia kwa s. Mwandikeni mwenye siku: "women". Hilo ni wingi tayari na halina s, kwa hiyo mnatia ritifaa na s: "Women's Day". Neno "womens" halipo. "Men's" na "children's" zinafuata njia hiyohiyo. Fundi angekuwa sahihi kwenye fulana za 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, maana wingi wa "teacher" ni "teachers": "Teachers' Day".

Mteja anataka kibao hiki: SODA'S, PHONE'S & LADIE'S WEAR. Nichore tu? — Mchora vibao, Mtwara mjini

Mwoneshe kwanza kwa chaki, kaka. Soda hapo haimiliki kitu. Ni soda nyingi zinazouzwa. Baada ya SODA'S tafuta mali yake: haipo, basi ritifaa itoke. SODAS. PHONES nayo vivyo hivyo.

LADIE'S ni kosa la namna nyingine, kwa sababu mali ipo: nguo. Mwandike mwenye nguo. Mmoja ni LADY, wengi ni LADIES, hakuna LADIE. Ritifaa inakwenda mwisho: LADIES' WEAR. Maduka mengi huiacha kabisa yakaandika LADIES WEAR, na kwa kibao sigombi na mtu. Ila kukata neno katikati, hapana.

Mteja akibisha, mwambie hata Waingereza huchapia hivyo, hadi kosa hilo wamelibandika jina la wauza mboga wao. Maneno kama soda, yanayoishia kwa irabu, ndiyo hunasa wengi; s ikikaa moja kwa moja baada ya a, jicho huliona neno kama geni.

Na CHIP'S? — Muuza chipsi, Mikindani

CHIPS.