Kutetemeka mbele ya jopo la usaili

"Wakuu, wiki ijayo nina usaili wa mahojiano, nafasi ya afisa ugavi. Nikikaa mbele ya jopo sauti inatetemeka, nasahau hata ninachokijua. Mlifanyaje?"

Mkuu, kazi kubwa iko kwenye dakika ya kwanza, na karibu kila jopo huanza na "jieleze kwa ufupi". Usikariri jibu lote, maana neno moja likikuponyoka na mengine yanapotea. Mimi nilikariri sentensi ya kwanza tu, kisha nikashika mambo matatu: nilichosomea, kazi niliyowahi kuifanya, na kwa nini naitaka nafasi hii. Nilifanya mazoezi kwa sauti. Kimoyomoyo kila mtu ni hodari.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni rafiki yangu niliyemwomba awe jopo. Nilimpa tangazo la kazi na wasifu wangu, akaandaa maswali bila kunionyesha. Masharti yalikuwa asicheke, awe anaandika wakati naongea, na anikatize akitaka. Nilianzia mlangoni: nikabisha hodi, nikasalimia, nikasubiri kuambiwa niketi.

Akaniuliza, "Mkurugenzi anataka kompyuta 10 zinunuliwe leo kwa mfanyabiashara anayemfahamu. Utafanyaje?" Nikadakia, nikataja sheria mfululizo. Akanikata: "Mbona umejibu kabla sijamaliza kuuliza?" Kumbe hofu yangu ilikuwa inatokea kwenye mbio, si kwenye kutetemeka. Tukarudia. Safari hii nilitoa pumzi taratibu kwanza, ndipo nikasema ningeangalia kama kompyuta hizo zimo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka na kama bajeti ipo, halafu ningemshauri mkurugenzi kwa maandishi kuhusu utaratibu wa kufuata. Maarifa yalikuwa yaleyale, ila sasa yalisikika.

Pumzi nayo ina namna yake. Ukiwa kwenye benchi unasubiri kuitwa, vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika chache. Wengi huvuta pumzi kubwa kubwa harakaharaka. Hapo kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, ukapata kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Ukiona hivyo, punguza kuvuta, usiongeze.

Moyo bado utadunda, na usipigane nao. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu waliojiambia wana hamasa kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwili ukishachemka, ni rahisi kuugeuza uwe na hamu kuliko kuuzima. Mimi hujisemea, "Nina hamu ya kuanza," basi. Hila hii haifidii usichokisoma, kwa hiyo masuala ya manunuzi yapitie.

Rafiki wa kukuhoji mchague mwenye uso mkavu, ikiwezekana anayefanya kazi ya ugavi. Wa nyumbani watakuonea huruma.